Blanki inayosoma sifuri na LOQ isiyokubalika

"Mwalimu, assalaam aleikum. Niko maabara ndogo ya maji hapa Malindi. Sampuli zetu nyingi ni za visima, na nyingine wateja hutuletea kutoka Lamu. Tunaandika ripoti ya uthibitishaji wa njia ya kupima chuma kwa fenantrolini. Tunachukua sampuli mL 50, tunamalizia kwenye chupa ya mL 100, kuveti ya sentimita moja. Nilisoma blanki mara kumi: nane zikaja 0.000, mbili 0.001, mkengeuko sanifu 0.00042. Mteremko ni 0.197 na R² ni 0.9998. Nilizidisha mkengeuko huo kwa 3.3 na kwa 10, nikagawa kwa mteremko, nikapata kikomo cha kutambua, yaani LOD, 0.007 na kikomo cha kupima kiasi, yaani LOQ, 0.021 mg/L. Lakini nikitia chuma 0.02 mg/L kwenye maji halisi ya kisima na kupima mara sita napata 0.00, 0.05, 0.01, −0.01, 0.04 na 0.02. Mkaguzi ameikataa LOQ. Nibadilishe fomula, au ninunue kuveti ya sentimita tano?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Fomula iache kama ilivyo, na pesa za kuveti zishikilie kwanza. Fomula yako ni sahihi. Tatizo liko kwenye namba mbili ulizoitia, yaani mkengeuko wa blanki na mteremko, na kila moja inaivuta LOQ upande ule ule wa chini.

Nianze na yale matokeo sita ya 0.02, maana umeyachukulia kama aibu wakati ndiyo takwimu bora zaidi uliyo nayo. Wastani wake ni 0.018, kwa hiyo hakuna dalili kwamba njia yako inapotosha. Mkengeuko wake sanifu ni 0.023 mg/L. Huo tayari uko kwenye mg/L, hauhitaji kugawanywa kwa mteremko. Uzidishe kwa 10 unapata 0.23. Maji yenyewe yamekwisha kukuambia kwamba LOQ yako inazunguka 0.2 mg/L, na ripoti inasema 0.021. Ni tofauti ya mara kumi hivi. Mkaguzi hakukuonea.

Sasa tuone mara kumi hizo zimetoka wapi.

Blanki nane kati ya kumi kusoma 0.000 ni dalili inayojulikana. Ulitayarisha chupa moja ya blanki, ukaimimina kwenye kuveti, ukabonyeza kitufe cha sifuri, kisha ukaisoma kuveti hiyo hiyo mara kumi. Ulichopima hapo ni mtikisiko wa taa na kipokezi cha spektrofotomita, na hata huo umefichwa na skrini inayoishia kwenye desimali tatu. Ni kama kumtia samaki mmoja kwenye mizani mara kumi, kisha kusema samaki wote wa soko la Malindi wana uzito mmoja.

Sigma, yaani mkengeuko sanifu, inayotakiwa kwenye fomula ni ya njia nzima. Kwenye njia yako kuna mambo mengi kabla maji hayajafika kwenye kuveti: asidi ya hidrokloriki mL 2, hidroksilamini mL 1, kuchemsha hadi ibaki mL 15 au 20, kupoza, kuhamishia kwenye chupa ya ujazo, bafa ya asetati ya amonium mL 10, fenantrolini mL 4, kujaza hadi alama, kutikisa, kusubiri rangi angalau dakika kumi. Kila hatua inaweza kuingiza chuma kidogo au kukosea ujazo kidogo. Blanki halali ni bika iliyoanza na mL 50 za maji yaliyosafishwa na kupita njia hiyo yote, kama sampuli. Blanki kumi ni bika kumi na chupa kumi, si usomaji kumi.

Na mashine iwekwe sifuri kwa maji yaliyosafishwa matupu, si kwa blanki. Ukiiweka sifuri kwa blanki unaifuta ile namba unayotaka kujua inavyocheza. Kama mashine yako ina uwezo wa kuonyesha desimali nne, fungua mpangilio huo. Kama haina, usijali sana: skrini ya hatua za 0.001 huongeza mkengeuko wa takriban 0.0003 tu, ambao ni mdogo ukishapata blanki za kweli.

Namba ya pili ni mteremko. Hapa kuna njia rahisi ya kujikagua ambayo watu wachache huitumia. Rangi ya chuma na fenantrolini kwenye 510 nm ina mgawo wa ufyonzaji wa molari wa takriban 11,100. Uzito wa atomu ya chuma ni 55.85, kwa hiyo 1 mg/L kwenye kuveti ya sentimita moja hutoa ufyonzaji wa 0.199 hivi. Wewe una 0.197. Kazi nzuri ya pipeti, lakini inaonyesha pia kwamba viwango vyako vilitengenezwa moja kwa moja ndani ya chupa ya mL 100, na mhimili wa chini ni kiasi cha chuma kwenye chupa ya mwisho. Sampuli yako ya mL 50 imekuwa mL 100, imepungua nguvu nusu. Mteja haulizi kuhusu chupa yako, anauliza kuhusu kisima chake. Kwa mg/L ya maji ya kisima, mteremko wako ni nusu yake, karibu 0.098. LOD na LOQ zote zinapanda mara mbili papo hapo.

Njia safi ya kuepuka kosa hili ni kuvipitisha viwango njia ile ile: mL 50 za kila kiwango, asidi, kuchemsha, yote hadi chupa ya 100. Hapo mteremko unatoka moja kwa moja kwenye kipimo cha maji ya asili na huhitaji kukumbuka kuzidisha popote.

Kuhusu R² ya 0.9998, iache ikae kwenye ripoti lakini usiitegemee kwa jambo hili. Mstari unaofika 5 mg/L utakuwa na R² nzuri hata kama nukta zake za chini kabisa zinayumba, kwa sababu nukta za juu ndizo zinazoibeba. Kwa ajili ya ukomo wa chini, chora mstari mfupi, usiozidi 1 mg/L.

Tuchukue mfano wenye namba, uufuate kwa kalamu. Blanki kumi, mbili kwa siku kwa siku tano, zimesomwa dhidi ya maji yaliyosafishwa. Siku ya kwanza 0.011 na 0.013, ya pili 0.010 na 0.014, ya tatu 0.012 na 0.015, ya nne 0.011 na 0.013, ya tano 0.009 na 0.012. Wastani ni 0.012. Tofauti za kila blanki na wastani, zikipandishwa kipeo cha pili na kujumlishwa, zinatoa 0.000030, gawa kwa 9, chukua kipeuo cha pili, unapata mkengeuko sanifu wa 0.00183.

Viwango ni 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0 mg/L, vimepitishwa njia nzima, na usomaji wake ni 0.013, 0.030, 0.052, 0.070, 0.092 na 0.109. Mteremko unatoka 0.0977 kwa kila mg/L. Kwenye Excel, blanki zikiwa safu ya B, viwango safu ya C na usomaji wake safu ya D:

```
=STDEV.S(B2:B11)
=SLOPE(D2:D7,C2:C7)
=3.3*STDEV.S(B2:B11)/SLOPE(D2:D7,C2:C7)
=10*STDEV.S(B2:B11)/SLOPE(D2:D7,C2:C7)
```

Angalia mpangilio wa `SLOPE`: usomaji hutangulia, viwango hufuata. Ukigeuza utapata mteremko wa kumi na kitu, na LOQ ndogo ya kustaajabisha. Na usiugawe mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha kumi kwa kuwa una blanki kumi. Huo ungekuwa mkengeuko wa wastani wao, wakati sampuli ya mteja utaipima mara moja tu.

Jibu la mfano ni LOD 0.062 na LOQ 0.187 mg/L. Linganisha na ile 0.23 iliyotoka kwenye matokeo yako sita. Ziko nyumba moja.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu 3.3 na 10, kwa sababu mkaguzi anaweza kukuuliza na "ndivyo kitabu kinavyosema" si jibu. Tuseme maji hayana chuma kabisa. Usomaji wake utacheza kuzunguka wastani wa blanki. Ukiweka mpaka kwenye 1.645 ya sigma juu ya wastani huo, ni mara 5 kati ya 100 tu ambapo maji yasiyo na chuma yatauvuka na kukudanganya kwamba yanacho. Sasa maji yenye chuma kiasi cha mpaka huo huo yatakuwa nusu juu na nusu chini, yaani utayakosa mara moja kati ya mbili. Ili uyakose mara 5 tu kati ya 100, lazima yawe na chuma cha kusogeza wastani kwa 1.645 nyingine. Jumla ni 3.29, ikaandikwa 3.3. Hiyo ndiyo LOD: kiasi ambacho kikiwepo utakiona mara 95 kati ya 100. Haisemi kipo kiasi gani. Kumi ya LOQ ni makubaliano tu: pale ishara ikiwa mara kumi ya sigma, mtawanyiko wa matokeo ni karibu asilimia 10, na watu wamekubali kwamba hapo namba inaanza kufaa kuandikwa kama namba.

Sasa kuna jambo ambalo ripoti nyingi huliruka. Kila siku unatoa blanki kwenye usomaji wa sampuli. Blanki hiyo nayo ina mtikisiko wake, na kutoa hakuufuti, kunauongeza. Sampuli moja ikitolewa blanki moja, sigma halisi ya tofauti ni sigma ya blanki mara kipeuo cha pili cha 2. Mwongozo wa Eurachem wa mwaka 2014 unaliweka hivi, `s` ikiwa sigma ya blanki, `n` idadi ya chupa za sampuli zinazotolewa wastani na `nb` idadi ya blanki za siku hiyo:

```
s' = s * sqrt(1/n + 1/nb)
```

Kwa mfano wetu, sampuli moja na blanki moja zinaifikisha LOQ 0.26. Hapo ndipo shida inapoanza kuonekana, kwa sababu chuma kikizidi 0.3 mg/L huanza kutia madoa nguo na masinki, na mstari huo wa 0.3 ndio mteja wako anaotaka kujua yuko upande gani. LOQ ya 0.26 iko karibu nao kupita kiasi. Lakini tazama dawa ilivyo rahisi: blanki mbili na chupa mbili za sampuli kila siku zinairudisha LOQ hadi 0.19, bila kununua chochote isipokuwa kemikali kidogo. Mimi ningeanza hapo.

Utauliza, je, kutoa blanki ya siku hakuondoi tofauti za siku na siku? Huondoa, kama zipo. Tazama zile jozi tano: chupa mbili za siku moja zimeachana kwa 0.002, 0.004, 0.003, 0.002 na 0.003, wakati wastani wa siku umecheza kati ya 0.0105 na 0.0135. Chupa za siku moja zinatofautiana sawa na siku zenyewe. Kwenye mfano huu mtikisiko unazaliwa chupa hadi chupa, na blanki ya siku haiwezi kuufuta. Ndiyo maana nasisitiza blanki mbili kwa siku na si kumi za asubuhi moja: jozi zinakuonyesha ugonjwa uko wapi.

Na hapa tunaifikia kuveti yako ya sentimita tano.

Kuveti ndefu inaukuza mteremko mara tano, hilo ni kweli. Lakini inaikuza na blanki. Chuma kilichoingia kwenye chupa ya blanki kitasomeka mara tano pia, pamoja na tofauti zake zote. Kisichokuzwa ni mtikisiko wa mashine na wa kuiweka kuveti. Kwa hiyo swali lote ni hili: katika ile 0.00183, sehemu gani ni ya usomaji na sehemu gani ni ya utayarishaji?

Unaweza kujua kwa nusu saa. Chukua chupa moja ya blanki. Mimina, soma, mwaga, suuza kwa blanki hiyo hiyo, futa kioo cha kuveti kwa karatasi laini, mimina upya, soma. Mara kumi. Tuseme mkengeuko wa zoezi hilo ni 0.0006. Pandisha kipeo cha pili: 0.36 dhidi ya 3.33 ya blanki zote, kwa sehemu za milioni. Usomaji unachangia asilimia 11 tu ya mtikisiko, asilimia 89 ni utayarishaji. Ukienda na kuveti ya sentimita tano, sehemu ya utayarishaji inapanda mara tano sambamba na mteremko, na LOQ inashuka kutoka 0.187 hadi 0.177. Umenunua kuveti kwa tofauti ambayo hata hutaiandika. Ingekuwa kinyume chake, usomaji ndio unaotikisika, LOQ ingeshuka karibu mara tano na kuveti ingelipa gharama yake.

Kuna wanaoshauri pia kumalizia kwenye chupa ya mL 50 badala ya 100. Ni ushauri mzuri kwa sababu ile ile na una kikomo kile kile. Mteremko unaongezeka maradufu, lakini kemikali ni zile zile kwenye ujazo nusu, kwa hiyo chuma chake nacho kinasomeka maradufu.

Basi kama utayarishaji ndio mwenye hatia, chuma kinaingilia wapi? Mshukiwa wa kwanza ni bafa. Asetati ya amonium, hata ya daraja zuri, huwa na chuma cha kuonekana, na wewe unatia mL 10 nzima kwenye kila chupa. Kwa sababu hiyo kila ukitengeneza bafa mpya ni lazima uchore mstari mpya wa viwango. Huwezi kuendelea na mteremko na blanki za bafa ya zamani. Bafa ipimwe kwa pipeti, si kwa silinda: mL moja zaidi au pungufu ni asilimia 10 ya chuma chake. Mshukiwa wa pili ni vyombo. Bika na chupa zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, zisuuzwe kwa maji yaliyosafishwa, na zitengwe kwa kazi hii tu. Kijiko cha kuchotea kemikali kiwe cha plastiki.

Mshukiwa wa tatu ni wa pwani yetu hii. Hewa ya bahari inakula grili za dirisha, mabati na miguu ya meza, na upepo wa kusi unapovuma dirisha likiwa wazi, unga wa kutu unatua kwenye bika lililo wazi juu ya jiko kwa muda wote wa kuchemka. Kiasi hicho hukioni kwa macho, lakini fikiria: usomaji wa 0.012 kwenye chupa ya mL 100 ni sawa na mikrogramu 6 tu za chuma, hata kama chote kingekuwa cha uchafu. Bika lifunikwe kwa kioo cha saa chenye nafasi ya mvuke, na dirisha la upande wa jiko lifungwe. Utajua kama ni vumbi kwa kuweka bika moja la blanki lililofunikwa na moja wazi, pande mbili za jiko moja, siku ile ile. Rudia siku tatu au nne; lililo wazi likisoma juu kila mara, umempata mwizi.

Maji yenyewe yaliyosafishwa usiyasahau. Jaribu blanki mbili, moja ikiwa na maji mara mbili ya kawaida, uichemshe hadi ujazo ule ule wa mwisho. Kama inasoma juu zaidi kwa namna inayojirudia, chuma kiko kwenye maji na si kwenye kemikali.

Ukishasafisha, rudia blanki kumi kwa siku tano na ukokotoe upya. Lakini usiiamini sigma ya blanki kumi kuliko inavyostahili. Kwa blanki kumi, sigma ya kweli inaweza kuwa popote kati ya mara 0.69 na mara 1.83 ya hiyo uliyoipata, kwa uhakika wa asilimia 95. LOQ ya 0.187 kwa hiyo inaweza kuwa kweli 0.13, au 0.34 ambayo iko juu ya mstari wa 0.3. Kwa blanki ishirini upana unapungua kuwa 0.76 hadi 1.46. Ndiyo sababu usiandike 0.187 kwenye ripoti. Desimali ya tatu hapo ni mapambo. Andika 0.2 na uendelee kukusanya blanki za kila siku kwenye daftari, uzikokotoe tena zikifika ishirini.

Wapo watakaokuambia uachane na blanki na utumie mkengeuko wa mabaki ya mstari, ile `STEYX` ya Excel. Mwongozo wa ICH Q2 unairuhusu, na kwa mfano wetu inatoa 0.00144, yaani LOD 0.049 na LOQ 0.15. Si mbali. Ni njia inayofaa pale blanki haina usomaji wowote wa maana. Kwako ina kasoro mbili: mstari mmoja ni siku moja na chupa sita tu, na ukitumia mstari wa hadi 5 mg/L mabaki ya nukta za juu yatakuja na sigma kubwa isiyohusu mwisho wa chini. Itumie kama shahidi wa pili. Zikitofautiana kwa mara tatu au nne, moja kati yake imekosewa, na mara nyingi ni ile ndogo.

LOQ iliyokokotolewa bado ni ahadi tu hadi uijaribu. Tafuta maji ya kisima yenye chuma kidogo, yasiyoonekana kwa njia yako. Yatie chuma hadi 0.2 mg/L, uyapitishe njia nzima, chupa saba kwa siku tofauti. Andika kigezo kabla ya kupima, kwa mfano wastani urudi kati ya asilimia 80 na 110 na mtawanyiko usizidi asilimia 15. Chagua kisima kinachofanana na wateja wako: maji ya visima vya mchanga wa Shela kule Lamu si sawa na kisima cha uani chenye chumvi, na LOQ iliyopatikana kwa maji yaliyosafishwa haina haki ya kuzungumza kwa niaba ya maji yenye rangi. Kama maji yana umanjano wake, tayarisha chupa ya ziada yenye kila kitu isipokuwa fenantrolini, uusome na kuutoa. Kumbuka tu kwamba huko ni kutoa kwingine, na mtikisiko unaongezeka tena. Ikishindwa kwenye 0.2, jaribu 0.25. Ile inayofaulu ndiyo LOQ yako, hata kama fomula inasema ndogo zaidi.

Kwenye ripoti, futa jedwali lile la 0.000 na uandike aya inayojitosheleza, ya namna hii, ukiweka namba zako: "Mkengeuko sanifu ulipatikana kwa blanki 10 zilizotayarishwa kila moja peke yake kwa siku 5 na kusomwa dhidi ya maji yaliyosafishwa, 510 nm, kuveti sm 1. Mteremko S ni 0.0977 kwa kila mg/L ya sampuli ya asili, mL 50 ikimaliziwa mL 100. Matokeo ni wastani wa chupa mbili za sampuli ukitolewa wastani wa blanki mbili. LOD ni 0.06 mg/L kwa 3.3s'/S. LOQ ni 0.2 mg/L kwa 10s'/S, na imethibitishwa kwa maji ya kisima yaliyotiwa chuma 0.2 mg/L, chupa 7." Kwa wateja, matokeo yaliyo chini ya 0.06 yaandikwe "haikutambuliwa, chini ya 0.06 mg/L". Yaliyo kati ya 0.06 na 0.2 yaandikwe "imetambuliwa, chini ya 0.2 mg/L", bila namba. Usiandike sifuri popote.

Kuna mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyatibu. La kwanza, mashine ikiwa imekwisha kupata joto na maji yaliyosafishwa bado yanasoma juu zaidi kila baada ya dakika kumi, au chini zaidi, kwa mwelekeo mmoja, hiyo ni taa au kipokezi. Mwite fundi wa spektrofotomita kabla ya kupoteza kemikali. La pili, kama umesafisha vyombo, umebadilisha bafa, umefunika bika, na blanki za siku moja bado zinaachana kwa zaidi ya 0.004, mwombe mkemia mwenye uzoefu wa njia hii aje asimame kando yako siku nzima akitazama mikono, kuanzia kuosha bika hadi kujaza alama. Na pia gawa sampuli tatu nne zilizo karibu na 0.3, utie asidi, uzipeleke kwenye maabara nyingine inayopima chuma kwa mashine ya ufyonzaji wa atomu, ulinganishe.